Kaka wa kazini ananitaka kamati ya tatu, namkataaje?

"Habari mtaalamu. Kuna kaka tunafanya naye kazi, tuko levo moja, kanitumia meseji anataka niingie kamati mpya ya mafunzo anayoiunda. Mimi tayari nipo kamati mbili na kazi yangu yenyewe imeanza kulala. Shida ni kwamba huyu jamaa alinishikia kazi yangu wiki mbili nilipopata msiba, na kila mwezi tunaandika ripoti moja pamoja. Nilimjibu 'ngoja niangalie ratiba nitakwambia', leo siku ya nne. Namkataaje tusije tukaharibiana?"

Ndugu yangu, kabla hujatafuta maneno mazuri angalia kwanza hizo siku nne. Karibu kila anayekuja kwangu na jambo kama hili anaamini ile hapana ndo itakayomchoma mwenzake, ila mimi nimekaa utumishi miaka mingi, nimekuwa katibu wa kamati hadi nimechoka kuhesabu, na ninachokiona kikiharibu watu ni kule kumning'iniza mtu. Hebu kaa upande wake kidogo. Ana daftari lenye majina, tuseme saba, na lako lina alama ya kuuliza pembeni. Hawezi kumfuata mtu mwingine kwa sababu hajui kiti chako kiko wazi au la, na kukuuliza tena anaona atakuwa anang'ang'ania. Wewe kila siku inayopita unaona unampunguzia makali, yeye anaona unamchelewesha.

Halafu kuna lile jibu ulilompa. Ulisema ratiba. Sasa ukirudi na hapana, atabaki anajiuliza ni ratiba gani hiyo inaangaliwa siku nne, na hapo ndo ataanza kukusoma vibaya. Kwa hiyo jibu lako lazima lianze na kukiri kwamba umemchelewesha, sentensi moja tu, bila hadithi.

Na usije ukadhani njia salama ni kukubali kwa mdomo halafu ukawa huendi. Hiyo nimeifanya mwenyewe. Mwenzangu mmoja aliniomba kwenye korido, nikamwambia "nitajaribu", nikaona nimemaliza kiungwana kabisa. Wiki iliyofuata jina langu likaingia kwenye muhtasari wa kikao cha kwanza, kikao cha pili nikawekwa kwenye "wasiohudhuria kwa taarifa" kwa sababu yeye alinitetea, cha tatu nikahamishiwa "wasiohudhuria bila taarifa". Ile karatasi ilisambazwa kwa wakuu wote wa vitengo. Mwenzangu hakuniuliza kitu ila salamu yake ilibadilika, na hakukosea, maana nilikuwa nimemwaibisha mara tatu kwa neno moja la upole.

Kingine ambacho watu hawakifikirii ni akidi. Kamati ya watu saba ambayo akidi yake ni zaidi ya nusu inahitaji wanne ili kikao kiwe halali. Wawili wakiwa wajumbe wa jina tu, na mmoja akiumwa, wamebaki wanne kamili, akichelewa mmoja basi wote mnaangaliana mezani na makabrasha yenu hakuna cha kupitisha. Yaani ukikubali ili usimuudhi halafu usiende, umekuwa shimo kwenye hesabu yake, afadhali mara mia ungekataa akamweka mtu mwenye nafasi.

Sasa tuje kwenye neno ambalo najua liko mdomoni kwako, "sina muda". Linasikika la heshima lakini ndilo linalogombanisha kuliko yote. Mwaka 2021 kina Grant Donnelly na wenzake walitoa utafiti juu ya namna watu wanavyopokea visingizio, wakakuta anayesema hana muda anaaminika kidogo na anaonekana yuko mbali zaidi kuliko anayesema hana hela, na sababu yake ni kwamba watu tunaona muda ni kitu mtu anajipangia mwenyewe. Hela inaweza ikakosekana kweli, muda kila mtu ana saa 24. Kwa hiyo ukimwambia mwenzako huna muda, yeye anasikia "muda ninao ila wewe haupo kwenye orodha". Na ana ushahidi kabisa, maana alikuona ukinywa chai nusu saa, na kamati mbili nyingine ulizipatia muda.

Tena "sina muda" na "siwezi" zina kasoro ya pili, zinafungua mazungumzo ya kukusaidia uweze. Angalia hii meseji, inafanana na nyingi ninazoonyeshwa:

"Kaka habari, samahani sana, nilitamani mno kuungana nanyi ila nimebanwa si unajua mwisho wa mwezi, halafu jumanne ndo nampelekaga mtoto kliniki, halafu bosi kanipa mradi mpya, ngoja mambo yatulie kidogo tutaona."

Hesabu milango iliyoachwa wazi hapo. Mwisho wa mwezi unapita, basi tuanze tarehe tano. Jumanne ina kliniki, tunahamishia alhamisi. Mradi mpya, bosi nitaongea naye mimi. Na ile "tutaona" ndo mbaya kuliko zote kwa sababu inamwambia kiti akishike. Jamaa akijibu hayo yote kwa nia njema kabisa wewe utaishiwa visingizio, na utakachokisema baada ya hapo kitasikika kama ulikuwa unadanganya toka mwanzo. Sababu tatu ni dhaifu kuliko sababu moja, wala si hesabu ngumu, kila moja inaweza kubomolewa peke yake.

Unachohitaji ni sababu moja ambayo ni uamuzi, si kizuizi. Kizuizi mtu anakiondoa, uamuzi anauheshimu au anaununia lakini hawezi kuuhamishia alhamisi. Kwa hali yako uamuzi upo tayari, upo kamati mbili na hutaki ya tatu. Ila usiuseme kama bado hujauamua kweli, kwa hiyo kaa chini kwanza upige hesabu yako mwenyewe, ya kwako tu, usimpelekee yeye. Chukua kamati moja uliyonayo. Kikao cha saa mbili mara mbili kwa mwezi, hizo saa 4. Kusoma makabrasha saa moja kabla ya kila kikao, saa 2. Yale ya utekelezaji, kupiga simu, kuandika kipande cha ripoti, kujibu kundi la wasap la kamati, tuseme saa 3 kwa mwezi na hapo nimekuonea huruma. Jumla saa 9, zaidi ya siku nzima ya kazi. Kamati tatu ni saa 27, siku tatu na ushee kila mwezi, na kwa kuwa kazi yako imeshaanza kulala na mbili, ya tatu utailipia kwa ripoti mnayoandika na huyo huyo kaka. Hiyo ndo sababu yako ya kweli, na uzuri wake inamhusu na yeye.

Sasa njia. Usianze na meseji. Kwa kuwa yeye alikutumia meseji unaweza kujibu kwa meseji na isiwe kosa, lakini mtu aliyekushikia kazi wakati wa msiba anastahili sauti yako, mfuate mezani kwake au mpigie, dakika tatu zinatosha. Usimfuate mbele ya watu na usimvizie kwenye foleni ya chai, maana hapo itabidi ajikaze acheke wakati hajafurahi. Ukishaongea naye ndo unaandika meseji fupi, ili awe na kitu cha kumwonyesha mwenyekiti au katibu na kiti chake kihesabike wazi. Kitu kama hiki, ukibadilishe kiwe chako:

"Kaka, nisamehe kwa kukuweka siku nne, ningekujibu mapema. Kamati ya mafunzo sitaingia. Nipo mbili tayari na mwaka huu nimeamua siongezi ya tatu, kwa sababu kazi zimeanza kuchelewa mikononi mwangu na ripoti yetu sitaki iwe mojawapo. Nashukuru uliniwaza. Zile fomu na ratiba nilizotumia kuwapokea wafanyakazi wapya nakutumia kesho asubuhi, zinaweza kukusaidia kuanzia. Kipande changu cha ripoti unakipata tarehe 25 kama kawaida."

Nikueleze kwa nini iko hivyo. "Sitaingia" inakuja mapema, sentensi ya pili tu, kwa sababu mtu anayesoma meseji ya kukataliwa ananusa tangu mwanzo, na shukrani ndefu ya kutangulia inamfanya asome kila neno kwa hofu. Na ni "sitaingia", si "sitaweza", maana ukisema hutaweza umemwita aje akuwezeshe. "Mwaka huu" nimeiweka kwa makusudi, inaonyesha huu ni utaratibu wako wala si jambo la kumchukia yeye au kamati yake, ila kama unajua hata mwakani hutaki usiitie, sema tu "nimeamua siongezi", usimwachie ahadi ambayo itarudi mlangoni mwezi wa kwanza. Shukrani ni sentensi moja. Na ile tarehe 25 mwishoni ndo mstari ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hofu yake kubwa baada ya kukataliwa ni kama na yale mengine mnayofanya pamoja yameyumba, wewe unamjibu kabla hajauliza. Ukiandika tarehe 25 basi ipeleke 24, mwezi huu usije ukachelewa hata kwa ajali.

Zile fomu nazo nimezipa mpaka. Ni kitu kilichopo tayari, unatuma mara moja, kimeisha. Watu wakijisikia vibaya kukataa hujikuta wanasema "ila chochote mtakachohitaji niambieni", na hapo umeingia kamati kwa mlango wa nyuma bila hata jina lako kwenye muhtasari. Kama huna kitu cha namna hiyo usitoe chochote, hapana safi haihitaji kifuta jasho. Kama kuna eneo moja unalolijua kweli, unaweza kujitolea kuwa mjumbe mwalikwa kwenye kikao kimoja, kwa agenda moja, ukimaliza unatoka, lakini jitolee ikiwa tu utafurahi kwenda. Na ukitaka kumpendekeza mtu mwingine, muulize mtu huyo kwanza, kumtupia mwenzako zigo akiwa hayupo ni kutengeneza ugomvi wa pili.

Kuhusu lile deni la msiba, nimeona ndilo linalokufunga mikono. Alikushikia kazi, basi deni lake linalipwa kwa kumshikia kazi. Siku akiuguliwa au akipata safari, wewe ndo wa kwanza kusema "lete mafaili". Kukaa kwenye kamati yake mwaka mzima ukiwa umenuna si malipo, na yeye wala hajakudai hivyo, hilo dai umelitunga mwenyewe usiku kitandani. Ila usilichomeke kwenye meseji ya kukataa, ukiandika "sijasahau ulivyonisaidia" hapo hapo itaonekana unajitetea. Liache, litakuja na siku yake.

Sasa atakavyojibu. Uwezekano mkubwa atasema "poa kaka nimekuelewa" na atakuwa amekuelewa kweli. Mwaka 2023 watafiti wawili, Julian Givi na Colleen Kirk, walichapisha kazi kuhusu watu wanaokataa mialiko, wakakuta anayekataa anakadiria vibaya sana jinsi atakavyochukiwa, kwa sababu anadhani aliyemwalika anaangalia ile hapana tupu, kumbe mwalikaji anafikiria pia kwamba huyu mtu lazima alilitafakari kabla ya kusema. Haki isemwe, ile ilikuwa mialiko ya kula na kutembea, si kamati zenye katibu na akidi, kwa hiyo usiichukue kama dhamana. Lakini inaendana na nilichokiona mezani kwangu.

Akisukuma, atasema "mara moja tu kwa mwezi kaka, hata hutajua kama upo". Hapo kosa ni kuongeza sababu. Usiongeze. Rudia ile ile kwa sauti ile ile: "Najua si kubwa, na bado nabaki na mbili." Nyamaza. Ule ukimya utakuwa mzito kwa sekunde tano hivi, uvumilie, wengi wanaukimbia kwa kusema "au basi ngoja nione", na hapo kila kitu kinaanza upya.

Kuna jibu moja gumu zaidi, "aah, nilishampa mwenyekiti jina lako". Hili usiliache hewani. Mwambie "basi leo hii namwandikia katibu", na uandike mistari miwili kwamba kaka alikualika, wewe mwenyewe ndo umeomba usiingie kwa sababu ya kamati mbili ulizonazo, ukampa nakala na yeye aone. Kwa namna hiyo hataonekana kama mtu aliyepeleka jina bila kuuliza, ingawa ndivyo alivyofanya. Fanya hivyo kabla ya kikao cha kwanza na kabla barua za uteuzi hazijatoka. Ikishatoka barua yenye jina lako na sahihi ya mkuu, wewe na kaka hamna tena la kumalizana wawili, unamwandikia aliyekuteua na unasubiri akubali.

Baada ya hapo iangalie wiki moja au mbili, si kwa wasiwasi, kwa macho tu. Mtu aliyeudhika kweli kazini mara nyingi hasemi, unamwona anaanza kukujibu "sawa" tupu, anakuondoa kwenye barua pepe za ripoti zilizokuwa na jina lako, au anapitishia kwa mtu wa tatu jambo alilokuwa anakuuliza mwenyewe. Siku moja ya ukimya si kitu. Ukiona mambo mawili ya hayo yakijirudia, nenda mezani kwake useme moja kwa moja "kaka naona tangu ile ishu ya kamati tumepoa, nimekukwaza?" halafu umsikilize bila kurudia kujitetea. Na kuna kitu kimoja kitakachobomoa yote kwa siku moja, wewe kuonekana umeingia kamati nyingine mwezi ujao. Ikitokea bosi amekupangia na huna namna, kaka awe wa kwanza kuisikia, toka kinywani mwako, kabla ya tangazo.

Lazima niseme pia upande wa pili. Kama kamati hiyo ya mafunzo ndo itakayoamua mambo yanayoigusa kazi yako moja kwa moja, bajeti yenu au nani anapelekwa kozi, basi huenda ya kukataa siyo hii, ni mojawapo ya zile mbili za zamani. Chukua muhtasari wa vikao vitatu vilivyopita vya kila kamati, uende kwenye "yatokanayo na kikao kilichopita", utafute jina lako. Kamati ambayo jina lako halijatajwa popote kwenye utekelezaji haitakulilia ukiondoka. Ila ukiamua hivyo jiuzulu kule kwanza kwa maandishi, ndo umjibu kaka ndiyo.

Mwisho kuna hali ambazo meseji yangu haitoshi. Kama nyuma ya kaka yupo bosi wenu aliyesema "muweke na yule", huo si mwaliko tena, ni kazi, na ukimkatalia kaka unamtia yeye matatani bure. Hapo omba dakika kumi na bosi, nenda na karatasi yenye majukumu yako yote na zile saa, umuulize "kipi nikipunguze ili hii iingie", aseme yeye. Na kama umeshawahi kukataa kitu kama hiki ukaona tathmini yako imeshushwa au umenyimwa kozi, au kila kamati isiyo na posho inawaangukia watu wale wale wawili watatu, usilimalize kwa meseji wala kwa ushauri wa mtu aliye mbali kama mimi, mfuate afisa utumishi au kiongozi wa chama cha wafanyakazi mkae ana kwa ana, ukiwa na tarehe na nakala za zile meseji.

Kwa hali uliyonieleza lakini sioni dalili ya hayo. Mpigie leo kabla ya saa sita mchana, usimwandikie usiku wakati kila mtu kachoka na kila neno linaonekana kali, na hizo fomu ziwe zimeshamfikia kesho kabla hajafika ofisini.